Ku- moja, njia mbili

Mlinzi wa ghala anapotaka kuandika katika daftari la zamu, kwa Kiingereza, kwamba alikumbuka kufunga geti, ana njia mbili za kuiandika sentensi hiyo, nazo hazisemi jambo moja. Akiandika “I remembered to lock the gate”, amesema kwamba wajibu haukumtoka kichwani: saa ilifika, akakumbuka, akafunga. Akiandika “I remembered locking the gate”, amesema jambo jingine: geti lilikuwa limeshafungwa, na baadaye, labda alipoulizwa na msimamizi, picha ya tendo lile ikamrudia. Katika sentensi ya kwanza kukumbuka kulitangulia kufunga. Katika ya pili kufunga kulitangulia kukumbuka. Asubuhi ikigundulika kwamba mzigo umepungua, na daftari likasomwa na mtu wa bima, suala la kipi kilitangulia kipi ndilo litakaloulizwa kwanza.

Hapa ndipo wanafunzi wengi wa Kiingereza wanapopoteza alama. Sentensi inakuja na pengo, kando yake kuna kitenzi, na mtahiniwa anatakiwa aamue: kitenzi kiongezewe “-ing” mwishoni, au kitanguliwe na “to”? Walimu huyaita maumbo hayo jerandi na infinitivu. Swali la namna hii ni rahisi kulitunga na rahisi kulisahihisha, kwa hiyo halikosekani. Linaonekana katika sehemu ya sarufi ya mitihani ya sekondari, na linajificha katika mitihani ya Cambridge ya B2 First, kwenye kipengele ambacho mtahiniwa anapewa sentensi na neno moja, kisha aiandike upya kwa maana ileile. Akipewa neno “regret” na sentensi inayosema kwamba mtu anasikitika kwa kuwa alimfokea mwenzake, jibu “regret shouting” linampa alama. “Regret to shout” linamnyima.

Vitabu vingi hutibu tatizo hili kwa orodha. Kuna orodha ya vitenzi vinavyofuatwa na “-ing”: enjoy, finish, avoid, deny. Kuna ya vile vya “to”: want, hope, decide, refuse. Kisha kuna ya tatu, ya vile vinavyokubali yote mawili, na baada yake msitari wa herufi ndogo unaosema kwamba baadhi ya hivyo hubadilika maana. Mwanafunzi hukariri wiki mbili kabla ya mtihani, na kufikia siku ya karatasi “enjoy” imeshahamia upande wa “want”. Orodha hizo hazina kosa. Kasoro yake ni kwamba ziliandikwa kwa ajili ya kila mtu duniani, na kwa hiyo hazijui mzungumzaji wa Kiswahili anakwama wapi, wala hazijui kwamba lugha yake mwenyewe tayari ina kipimo cha kumvusha sehemu kubwa ya njia.

Anakokwama ni kwenye ku-. Kiswahili kinatumia umbo moja kwa kazi ambazo Kiingereza kimezigawa. Mtu husema “nataka kusoma”, na hapo kusoma ni jambo analolielekea. Husema pia “kusoma kwake kumemfikisha mbali”, na hapo kusoma ni jina kamili: linamilikiwa, lina upatanisho wake wa ku-, linatangulia sentensi kama ambavyo kitabu au mtoto angetangulia. Sarufi ya Kiswahili imelipa umbo hilo jina linalosema ukweli huo waziwazi, yaani kitenzi-jina. Ni kitenzi na ni jina kwa wakati mmoja. Mtoto anayekua na lugha hii hana sababu ya kujiuliza hata siku moja kama kusoma kwa leo ni kitenzi zaidi au ni jina zaidi. Kiingereza ndicho kinachomlazimisha kuuliza.

Lakini ku- si chombo pekee alicho nacho. Kiswahili kina namna nyingine mbili za kulisema tendo linalofuata kitenzi kingine, na mzungumzaji huzitumia kila siku bila kuzifikiria. Ya kwanza ni kitenzi kinachoishia na e, kama katika aende, nisubiri, tuonane, afunge, ambacho husema jambo ambalo bado halijatendeka, linalotakiwa au kulengwa. (Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu kama subiri havibadilishi irabu ya mwisho, lakini kazi yake ni hiyohiyo.) Ya pili ni kulitaja tendo kama kitu kilichokwisha kuwepo: kitendo cha kufunga, tabia ya kuvuta, kazi ya kupika, au kwa urefu zaidi, kwamba alifunga.

Kipimo chenyewe ni hiki. Kabla ya kujaza pengo, mwanafunzi aiseme sentensi kwa Kiswahili, kisha ajaribu kuitoa ile ku- na kuweka mojawapo ya namna hizo mbili. Kama kinachokubalika kwa maana ileile ni umbo la e, Kiingereza karibu kila mara kitataka “to”. Kama kinachokubalika ni kitendo cha, tabia ya, au kwamba ali-, kitataka “-ing”.

Mlinzi arudi na daftari lake. Alikumbuka kwamba alifunga geti: “remembered locking”. Alikumbuka kuwa ni lazima afunge geti: “remembered to lock”. Kiswahili chake cha kawaida, “alikumbuka kufunga geti”, kilibeba maana zote mbili, na msikilizaji angechagua kutokana na mazungumzo. Kikifunguliwa kidogo tu, maana hizo zinaachana.

Mfano unaopendwa zaidi na watunga mitihani ni wa “stop”. “He stopped smoking” na “He stopped to smoke” zinatofautiana kiasi kwamba daktari anayeandika moja akikusudia nyingine atampotosha mwenzake atakayempokea mgonjwa. Cha kufurahisha ni kwamba hapa Kiswahili kimetenganisha mambo mapema kuliko Kiingereza, kwa kutumia vitenzi viwili tofauti. Wa kwanza aliacha kuvuta, yaani aliacha tabia ya kuvuta. Wa pili alisimama avute: alikuwa anatembea au anaendesha gari, akakatiza mwendo, akatoa sigara. Hakuna mzungumzaji wa Kiswahili anayechanganya kuacha na kusimama. Anayekosea swali hili hajashindwa kuelewa tofauti. Ameona neno “stop”, akalitafsiri haraka kwa mojawapo tu ya maana zake, akaendelea. Dereva aliyeandika “I stopped helping the passengers” akikusudia kwamba alisimamisha basi awasaidie abiria wa gari lililopinduka ameandika kinyume cha wema alioutenda.

“Try” inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa Kiswahili nacho hutumia kujaribu pande zote mbili. Chumba kina joto na mtu anasema kwamba alijaribu kufungua dirisha. Je, lilifunguka? Sentensi haisemi. Huenda bawaba zilikuwa na kutu, akasukuma hadi akachoka: “I tried to open the window.” Tendo lilikuwa shabaha, na hakulifikia. Au huenda dirisha lilifunguka vizuri, akaliacha wazi saa nzima, na joto likabaki palepale: “I tried opening the window.” Hapa tendo lilitendeka kikamilifu, kilichokuwa kinajaribiwa ni kama litaleta nafuu. Njia nyepesi ya kuzitenganisha ni kuuliza sentensi inayofuata itakuwa ipi. Ikiwa ni “likagoma kufunguka”, ni “to”. Ikiwa ni “lakini halikusaidia”, ni “-ing”.

Kuna jozi nyingine ambayo vitabu haviitaji, maana inamsumbua zaidi mtu wa Kiswahili. Kiingereza kina “refuse” na “deny”, na zote mbili mtaani huwa kukataa. Kijana alikataa kwenda shambani. Kijana alikataa kuiba simu. Sentensi hiyo ya pili ina mashaka. Je, wenzake walimshawishi aibe naye akagoma, au alishtakiwa akasema si yeye? Kama alitakiwa aibe akakataa, ni “refused to steal”. Kama alikataa kwamba aliiba, ni “denied stealing”. Kiswahili sanifu kina kukana kwa maana hiyo ya pili, na anayelitumia neno hilo hapati shida, lakini wengi husema kukataa tu. Katika maelezo ya polisi yaliyoandikwa kwa Kiingereza, kati ya “to” na “-ing” hapo kuna mtu aliyeombwa kufanya uhalifu na mtu anayetuhumiwa kuufanya.

Kwa nini mgawanyo huu uko hivi? Jibu limo katika historia ya maumbo yenyewe. Katika Kiingereza cha kale, kile kilichozungumzwa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, kitenzi kisichonyambuliwa kwa nafsi kiliishia na -an: “drincan” ilikuwa kunywa. Kulikuwa na umbo la pili, “tō drincenne”, ambamo “to” ilikuwa kihusishi cha kweli, ileile inayotumika hadi leo kumwelekeza mtu mjini au sokoni. Maana yake ilikuwa “kuelekea kunywa”, “kwa ajili ya kunywa”. Karne zilivyopita, viambishi vya mwisho vilisinyaa na kutoweka, ile “to” ikabaki kama alama ya kitenzi, ikaenea hata mahali ambapo hakuna mwelekeo wowote. Ila harufu ya mwelekeo haikuisha. Kutaka, kutumaini, kuamua, kuahidi, kupanga, kukubali: karibu vitenzi vyote vinavyotazama mbele vilishikamana nayo.

“-ing” ilianzia upande mwingine kabisa. Ilikuwa kiambishi cha kuunda nomino, kama katika “leornung”, neno la kale la elimu. Kwa muda mrefu maneno hayo yalitumika kama majina ya kawaida. Baadaye, hatua kwa hatua, yakaanza kubeba shamirisho kama vitenzi, hadi mtu akaweza kusema “reading books” bila kuweka neno lolote katikati. Ndiyo maana hata leo “-ing” hulitaja tendo kama kitu: unakifurahia, unakimaliza, unakikana, unakijutia. Mwaka 1970 wanaisimu wawili, mume na mke, Paul na Carol Kiparsky, walichapisha makala iliyopewa jina la “Fact”, wakaonyesha kwamba vitenzi ambavyo msemaji huchukulia tendo linalofuata kuwa ni ukweli uliokwisha kuthibitika, kama “regret”, hupokea jerandi kwa urahisi, na vile visivyochukulia hivyo huelekea kwenye infinitivu. Walionyesha pia kwamba mpaka huo si ukuta: “know”, kwa mfano, inahusu ukweli lakini haipokei jerandi.

Hiyo “regret” inafaa kutazamwa kidogo, kwa kuwa watu wengi wameipokea kwa barua. “We regret to inform you” ni sentensi inayofungua barua nyingi za kunyimwa kazi au nafasi ya chuo. Kwa nini si “informing”? Kwa sababu wakati sentensi inaanza, habari bado haijatolewa. Mwandishi anasikitika kwa ajili ya jambo atakaloliarifu sasa hivi, maneno machache mbele. Meneja ambaye wiki moja baadaye anajuta kwamba alimwarifu mwombaji mapema mno ataandika “I regret informing him”. Mpangilio ni uleule wa geti: kipi kilitangulia.

Kipimo cha umbo la e kinafanya kazi nzuri pia katika kundi ambalo wanafunzi huliona kuwa gumu kupita yote, la “advise”, “allow”, “permit” na “recommend”. Kanuni ya vitabuni inasema kwamba vitenzi hivi hufuatwa na “-ing” kama mtu hakutajwa, na “to” kama ametajwa. Ikikaririwa hivyo, inasahaulika. Kwa Kiswahili inajieleza yenyewe. “Daktari alishauri kupumzika”: hakuna aliyetajwa, kupumzika ni jambo tu, na Kiingereza kinasema “The doctor advised resting”. “Daktari alimshauri apumzike”: mtu ametajwa, kitenzi kikageuka mara moja kuwa cha e, na Kiingereza kinasema “The doctor advised him to rest”. Hoteli hairuhusu kuvuta ndani: “does not allow smoking”. Hoteli hairuhusu wageni wavute ndani: “does not allow guests to smoke”. Anayesikiliza Kiswahili chake mwenyewe hahitaji kukariri chochote hapo.

Kipimo hiki, hata hivyo, kina mahali kinaposhindwa, na ni heri kupajua kuliko kukiamini kupita kiasi.

Kinashindwa kwanza kwa “suggest”. “Alipendekeza tuondoke mapema” ina e yake iliyo wazi, na mwanafunzi aliyeshika kipimo ataandika “He suggested us to leave early”. Kosa hilo linasikika Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na linatokana na mantiki iliyo sawa kabisa. Tatizo ni kwamba Kiingereza hakikubali. “Suggest” inataka “leaving”, au sentensi nzima yenye “that we leave”. Vivyo hivyo “consider”, “risk”, “postpone” na “put off”. Matendo yote yanayofuata vitenzi hivi yako mbele, hayajatendeka, na bado yanachukua “-ing”. “Avoid” nayo imo humu: Kiswahili kinaweza kusema “aliepuka asikutane naye”, kwa e na kikanushi, lakini Kiingereza kinasema “avoided meeting her”.

Baadhi ya wanasarufi wamejaribu kuliokoa kundi hili kwa maelezo kwamba “to” inasogelea tendo na vitenzi kama “avoid” na “postpone” vinalikimbia. Maelezo hayo yanavutia hadi mtu anapokumbuka “refuse”, ambayo inakimbia tendo kuliko zote na bado inachukua “to”. Ukweli ulio karibu zaidi ni kwamba matumizi yamekuwa yakihama kwa karne nyingi. Katika maandishi ya Kiingereza ya karne ya 17 na ya 18, “avoid” iliweza kufuatwa na “to”, na hakuna aliyeona kosa. “-ing” imekuwa ikinyakua vitenzi kimoja kimoja, na orodha ya leo ni picha ya mahali ilipofika. Kwa hiyo hivyo vichache havina budi kukaririwa: suggest, consider, risk, avoid, postpone, put off, na imagine. Kukariri saba si sawa na kukariri kurasa mbili.

Kipimo kinashindwa pia kwa upande wa pili. “Manage” na “fail” zinahusu mambo yaliyokwisha: aliyefanikiwa kufungua mlango ameufungua, aliyeshindwa kufika hakufika. Yote yamepita, na bado ni “managed to open” na “failed to arrive”. Mwanaisimu Lauri Karttunen aliviandikia vitenzi vya aina hii mwaka 1971, akionyesha kwamba kila kimoja kinabeba ndani yake taarifa ya kama tendo lilitimia au la. Kwa mwanafunzi inatosha kuona kwamba kufanikiwa na kushindwa vyote vinadhania shabaha iliyowekwa kabla. “To” hapo inaielekea ile shabaha, hata kama msimulizi anaongea baada ya matokeo.

Halafu kuna mtego mmoja ambao hauhusiani na kitenzi hata kidogo. Barua nyingi za maombi ya kazi Afrika Mashariki humalizikia na “I am looking forward to hear from you”. Aliyeandika ameona “to”, akaweka kitenzi kitupu baada yake, kama alivyofundishwa. Lakini hii si ile “to” iliyosinyaa na kuwa alama ya kitenzi. Hii bado ni kihusishi kamili, na kihusishi cha Kiingereza kikifuatwa na kitenzi, kitenzi hicho hutakiwa kiwe “-ing”: “to hearing from you”. Hali ni hiyohiyo katika “used to” yenye maana ya kuzoea, katika “object to” na katika “admit to”.

Namna ya kuitambua ni kuweka nomino ya kawaida mahali pa kitenzi. “I look forward to the holiday” ni sentensi nzuri. Kwa hiyo “to” ni kihusishi, na kitenzi kitakuwa cha “-ing”. “I want to the holiday” haiwezekani. Kwa hiyo “to” ni mali ya kitenzi, na kitenzi kitabaki kitupu. Kipimo hiki kinaitenganisha pia “used to” mbili ambazo zimewachosha walimu wengi. “He is used to the noise” inakubali nomino, basi ni “used to sleeping with the noise”, yaani amezoea. “He used to the noise” inakataa, basi ni “used to sleep”, yaani zamani alikuwa akilala. Hata hapa historia imeacha alama: katika karne ya 19 waandishi wa Kiingereza waliandika “accustomed to do” kwa kawaida tu, na msomaji wa riwaya za wakati huo atakutana nayo. Leo mtahini ataipiga mkasi.

Vitenzi vya kuanza na kuendelea, “begin”, “start” na “continue”, ndivyo vyepesi zaidi, kwa kuwa kwa kawaida vinapokea umbo lolote bila kubadili maana. Kuna mahali pamoja tu pa kuangalia. Kama kitenzi chenyewe cha kuanza tayari kina “-ing”, Kiingereza hakipendi “-ing” mbili zifuatane. Mvua ikianza sasa hivi watu husema “It is starting to rain”, na “It is starting raining” inawakera masikioni. Mwanaisimu John Robert Ross aliandika makala mwaka 1972 kuhusu chuki hiyo ya kurudia. Kiswahili hakina chuki ya namna hiyo: mtu husema bila taabu “anataka kuanza kujifunza kuogelea”, ku- tatu kwa mkupuo, na hakuna anayeshtuka.

Sasa karatasi ya mtihani. Mwalimu ametunga kifungu kifupi chenye mapengo, na vitenzi vya kujazia, kwa mpangilio wake, ni buy, sell, make, answer, paint na call:

“On her way home Asha stopped ___ airtime. Her brother had suggested ___ their father’s boat, but she was not used to ___ such decisions alone, so she had put off ___ him. The boat needed ___, and he wanted the money before the rains. She tried ___ him twice that evening.”

Pengo la kwanza: Asha alikuwa njiani, akasimama anunue vocha. Kuna e, ni “to buy”. Aliyeandika “buying” amesema kwamba Asha ameacha tabia ya kununua vocha, na sentensi zinazofuata hazimuungi mkono. La pili ni “suggest”, mojawapo ya vile saba, basi “selling”, ingawa Kiswahili kingesema wauze. La tatu: “used to the work” inakubalika baada ya “was not”, kwa hiyo “making”. La nne ni “put off”, vilevile ya kukariri: “answering”.

La tano lina jambo lake. Mashua ilihitaji kupakwa rangi. Kiswahili kinaweka kauli ya kutendwa, kwa kuwa mashua haipaki, inapakwa, na mwanafunzi mwangalifu ataandika “to be painted”. Hilo ni sahihi. Lakini Kiingereza kina njia fupi: baada ya “need”, umbo la “-ing” peke yake hubeba maana ya kutendwa, kwa hiyo “needed painting” inatosha. Kinachokosesha alama ni “needed to paint”, ambayo inaifanya mashua ishike brashi.

Pengo la sita linakubali majibu mawili kama kifungu kinaishia hapo, na msahihishaji mwenye haki atayapokea yote. Ikifuata sentensi inayosema kwamba mtandao ulikuwa haupatikani, simu haikutoka, na jibu ni “to call”. Ikifuata sentensi inayosema kwamba iliita hadi ikakatika na kaka hakupokea, Asha alipiga kweli, mara mbili, na jibu ni “calling”.